Hundi ya mbao imerudi

"Nimeuza mbao Mafinga, nikalipwa hundi ya milioni 4, benki imeirudisha haina salio. Nianzie wapi?"

— Polisi tu. Hundi ikidunda ni jela moja kwa moja.

— Si moja kwa moja, ndugu. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinafika miaka 7, lakini udanganyifu lazima uthibitishwe. Kama alikuomba usubiri tarehe ya mbele, jinai huyumba. Njia ya uhakika zaidi ni madai. Usimrudishie hundi hata akikulipa nusu. Ndiyo ushahidi wako, pamoja na karatasi ya benki yenye sababu. Mwandikie barua ya madai, mpe siku 14, asaini kupokea. Akikaa kimya, fungua kesi ya muhtasari chini ya Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai: hajitetei mpaka mahakama imruhusu. Nenda Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Mwanzo haitumii utaratibu huo.

— Yangu ina miezi 8, sijaipeleka benki kabisa.

— Hiyo imechacha, benki wataikataa. Mdai nyingine, deni lenyewe bado lipo.