Juisi ya miwa, maji ya dafu na soda: kikombe kwa kikombe

*"Wakuu, nimeacha soda kwa sababu ya uzito. Mchana nakunywa juisi ya miwa glasi moja au mbili, wikiendi madafu. Jamaa wa ofisini anasema miwa na soda ni kitu kilekile. Ukipima kikombe kwa kikombe, wanga na kalori zikoje kweli?"*

Mkuu, jamaa yako amekuhurumia. Juisi ya miwa iliyokamuliwa sasa hivi, isiyo na barafu wala maji, ina sukari nyingi kuliko soda, tena si kwa tofauti ndogo. Madafu ndiyo yako mbali na hizo mbili.

Nimefanya kazi maabara ya kiwanda cha sukari huko Morogoro kwa miaka mingi, na kazi yetu kubwa ilikuwa kupima maji ya miwa kabla hayajaenda kuchemshwa. Kipimo chake kinaitwa Briksi. Ukisikia Briksi 18, maana yake katika kila gramu 100 za ile juisi kuna gramu 18 za vitu vilivyoyeyuka, na kwenye muwa uliokomaa karibu tisa ya kumi ya vitu hivyo ni sukari. Kilichobaki ni chumvichumvi, asidi kidogo na mabaki ya mmea. Kifaa chenyewe ni rifraktomita, bomba dogo la kushika mkononi: unadondosha matone mawili kwenye kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kusoma mstari. Nilipostaafu nilihamia Bagamoyo na yangu nikaja nayo, na wauza juisi wa hapa wameshanizoea.

Tuchukue kikombe cha mililita 250. Soda ya kola ya kawaida huwa na gramu 10.6 za sukari kwa mililita 100, hivyo kikombe kina gramu 26 na nusu hivi, na kalori (zile zinazoandikwa kcal kwenye lebo) kama 106. Soda za matunda na za tangawizi nyingine zinapita hapo, kwa hiyo soma chupa yako. Chupa ya kioo ya mililita 350 ukiimaliza, umekunywa gramu 37.

Sasa muwa. Muwa mzuri wa msimu wa kiangazi unatoa juisi ya Briksi 18 bila shida, na 20 naiona mara kwa mara. Juisi ya Briksi 18 ni nzito kuliko maji: mililita 250 zina uzito wa gramu 268 hivi. Asilimia 18 ya hapo ni gramu 48, na ukiondoa visivyo sukari unabaki na gramu 44. Hizo ni kalori 175 kwa kikombe kimoja. Glasi zako mbili za mchana ni kalori 350 ambazo hukuzitafuna wala hazikukushibisha.

Na hapo kwenye kutafuna ndipo watu wanapopotea. Mashine ndogo ya rola inatoa karibu nusu ya uzito wa muwa kuwa juisi, basi kikombe kimoja kinakula nusu kilo ya muwa uliomenywa. Jaribu kukaa na nusu kilo ya muwa utafune pingili kwa pingili, utachoka taya kabla hujafika nusu. Mashine inakufanyia kazi hiyo kwa sekunde chache.

Kuna hoja ya "lakini ile ni sukari ya asili". Sukari ya kwenye muwa ni sukrosi, na ndiyo hiyohiyo kiwandani tunayoisafisha kwa chokaa, tunaikausha maji na kuigandisha kuwa chengachenga. Ikifika tumboni inagawanyika nusu glukosi nusu fruktosi, iwe imetoka kwenye chupa au kwenye rola ya Forodhani. Juisi ya miwa ina potasiamu na vitu vingine kidogo ambavyo soda haina, sikatai, ila havipunguzi hata gramu moja ya sukari. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2015 linahesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongezwa, na linashauri zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Kikombe kimoja cha miwa kimekaribia kuzimaliza.

Basi kwa nini watu wengi wanaapa kwamba juisi ya miwa si tamu kama soda? Kwanza ni ndimu na tangawizi. Uchachu na ukali vinaufunika utamu mdomoni, lakini sukari iko palepale. Pili, na hili ndilo kubwa, ni barafu. Glasi uliyopewa mtaani si mililita 250 za juisi. Muuzaji akijaza barafu karibu theluthi mbili ya glasi, kisha akamimina, juisi yenyewe inaweza kuwa mililita 150. Piga hesabu ileile: mililita 150 za Briksi 18 zina gramu 26 za sukari. Yaani umefika palepale kwenye kikombe cha soda. Kwa hiyo jamaa yako akisema ni kitu kilekile, kwa glasi ya barafu yuko sahihi. Ikikamuliwa bila barafu, kama wanavyopenda wanaoogopa maji ya mtaani, sukari yake ni mara moja na nusu ya soda na zaidi.

Wengine wanaongeza maji kwenye jagi kabla hujafika. Hao nawajua kwa kupima: Briksi inashuka hadi 12 au 11, na ikifika 11 kikombe chake kiko sawa na kola. Lakini usimhukumu mtu haraka, maana muwa nao hubadilika. Muwa uliovunwa mvua ikiwa inanyesha una maji mengi na sukari pungufu. Muwa mchanga una utamu chini karibu na shina, huku pingili za juu zikiwa chapwa, na muuzaji asiyekata kilele anakuuzia mchanganyiko. Kwa upande mwingine, muwa uliolala juani siku kadhaa unapoteza maji, juisi inatoka kidogo na Briksi inapanda, lakini ukinusa utasikia uchachu na ukishika utahisi utelezi kwenye mkato. Hapo bakteria wameanza kuila sukari na kutengeneza ute, na rifraktomita haiwezi kukwambia, kwa sababu ute nao inauhesabu. Pua yako ni bora kuliko kifaa changu katika hilo.

Kama huna rifraktomita, kuna njia ya jikoni ambayo haikuangushi sana. Chukua chupa ya maji ya lita moja, jaza maji mpaka juu kabisa, pima kwenye mizani ya kidijitali, andika. Mwaga, ikung'ute vizuri, jaza juisi ya miwa iliyochujwa na povu likiwa limetulia, mpaka palepale, pima tena. Kila gramu 4 za ziada juu ya maji ni Briksi 1 hivi. Juisi ya binamu yangu ilizidi maji kwa gramu 72. Gawa kwa 4, ni 18. Soda nayo unaweza kuipima, ila iache ikae mpaka gesi iishe kabisa, vinginevyo viputo vinakudanganya. Kola inazidi kwa kama gramu 40. Hakikisha vyote viwili vina joto la chumba, usipime kimoja kikiwa kimetoka kwenye friji.

Madafu sasa. Ukiyapima kwa njia hiyohiyo yanazidi maji kwa gramu 16 hadi 22 tu, yaani Briksi 4 hadi 5 na nusu, na sehemu ya hiyo ni chumvichumvi. Kikombe cha mililita 250 kinakuwa na wanga gramu 9 hadi 12 na kalori 45 hadi 55. Kwa wanga, ni chini ya nusu ya soda, na kama robo tu ya juisi ya miwa isiyochanganywa.

Lakini hapa umri wa tunda una kazi yake. Kitale bado maji yake ni makali kidogo na sukari haijajaa. Likifika dafu lenyewe, nyama ikiwa bado laini ya kukwangua kwa kipande cha ganda, sukari iko kileleni. Likiwa koroma utamu unaanza kushuka huku nyama ikikaza na kuingiza mafuta, na maji ya nazi iliyokauka utamu wake umepungua, ladha ya chumvi inasikika zaidi. Mnazi nao una neno: kitamli kinatoa maji matamu kuliko ile minazi mirefu ya shambani, na nimeona dafu la kitamli likigusa 6.

Tahadhari yangu kwenye madafu ni moja: hakuna anayekunywa kikombe. Unakunywa dafu. Dafu kubwa linatoa mililita 400 na zaidi, hiyo ni gramu 14 hadi 19 za wanga. Wewe wa wikiendi ukishusha mawili pale barabarani, umekaribia chupa nzima ya soda, ingawa kwa mwili ni maji mengi zaidi. Na yale ya pakiti ya dukani tazama orodha ya viungo. Ukiona neno sukari, hayo si maji ya dafu tu tena.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, wanaofundisha mlo wake huwa wanahesabu wanga kwa mafungu ya gramu 15. Kikombe cha miwa ni mafungu matatu, cha soda ni karibu mawili, cha dafu ni chini ya moja. Dafu hilo linaweza kuingia kwenye hesabu ya siku, miwa ni vigumu. Ila mwenye figo mbovu, au anayemeza dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, asijiamulie madafu kwa sababu tu sukari ni kidogo: kikombe kina potasiamu inayokaribia miligramu 600, na kwa figo isiyoweza kuitoa hiyo ni hatari ya moyo. Huyo amuulize daktari wake kwanza.

Wewe mkuu, kwa uzito, ningeanza na hizo glasi za mchana. Fanya moja badala ya mbili, omba barafu iwe nyingi, na usimwachie muuzaji akuongezee "kidogo cha juu" bure. Mimi hupenda hicho cha juu, lakini mimi sipunguzi uzito.