Madaftari 12 mezani: JzU yetu ilivyotoka kwenye faili na kuingia darasani

Mwaka wa kwanza Jumuiya ya Ujifunzaji ya shule yetu, yaani JzU, ambamo walimu hukutana kujifunza pamoja, iliishi kwenye faili. MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, ilipoanza tulifanya kama tulivyoelekezwa: tukachagua mwenyekiti na katibu, tukapanga ratiba, tukafungua faili la mihutasari. Tulikutana. Mihutasari ipo na saini zipo. Lakini siku moja nilipokaa na faili lile kuandaa taarifa ya muhula, nilisoma mihutasari tisa mfululizo na sikuona mahali hata pamoja palipotajwa mtoto. Kulikuwa na "mbinu shirikishi", "changamoto za ufundishaji", "walimu walikumbushwa". Mimi ndiye mwalimu wa taaluma, na mihutasari sita kati ya ile niliiandika mwenyewe. Iliniuma.

Tulichobadilisha baada ya hapo ni kitu kimoja, na mengine yote yalifuata: hakuna kikao cha JzU bila kazi za wanafunzi mezani. Madaftari yenyewe, yenye vumbi na kona zilizokunjwa. Yasipokuwepo, kikao kinaahirishwa.

Kwa kuwa darasa la tatu lina watoto 84, hatuwezi kusoma madaftari yote ndani ya dakika 50. Tunachukua 12: manne ya wanaofanya vizuri, manne ya wa katikati, manne ya wanaosumbuka. Mwalimu wa darasa anayachagua, na anatakiwa achague kabla hajasahihisha. Sharti hili tuliliongeza baada ya kuona kwamba vema na kosa za wino mwekundu zinayavuta macho yetu yote, tukaanza kuhesabu alama badala ya kuuliza mtoto alikuwa anafikiri nini.

Tunakutana Jumatano saa nane mchana, walimu saba wa darasa la kwanza hadi la nne. Mwalimu mkuu anakaribishwa, ila matangazo ya shule hayaingii hapa. Jambo hilo nililiomba kwa heshima, nikamweleza kwamba dakika kumi za matangazo mwanzoni huwa zinakuwa arobaini, na yeye mwenyewe akakubali kuyahamishia kwenye kikao kifupi cha Jumatatu asubuhi. Kama unaanzisha JzU shuleni kwako, lipatie jibu suala hili kabla ya kikao cha kwanza, maana likishakuwa mazoea ni vigumu kulitoa.

Lengo letu la mwanzo lilikuwa "kuinua ufaulu wa Hisabati". Halina ubaya, ila haliwezi kukuambia Jumatano hii ufanye nini. Tukaliandika upya: ifikapo mwisho wa Mei, watoto 8 kati ya kila 10 wa darasa la tatu wapate angalau maswali manne kati ya matano ya kutoa namba zenye tarakimu tatu, pamoja na zile zenye sifuri katikati. Tuliwapa jaribio la dakika 15 mwezi Machi ili tujue tunaanzia wapi. Waliofikia maswali manne walikuwa 31.

Hapo ndipo madaftari 12 yakaanza kusema. Swali lilikuwa 403 kutoa 168. Watoto watatu walipata 235, jibu sahihi. Watano waliandika 365, watatu waliandika 245, na mmoja aliandika 145. Mwalimu wa darasa la nne akasema kile ambacho wengi husema: "Hawa hawajui kutoa." Nikaomba tusimalizie hapo, kila jibu tulirudie hatua kwa hatua kama mtoto alivyolifanya.

Aliyepata 365 alitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila mahali, bila kujali ipi iko juu. Nane toa tatu, tano. Sita toa sifuri, sita. Nne toa moja, tatu. Kwake namba tatu zilizosimama kwenye mstari ni hesabu tatu ndogo zisizohusiana.

Aliyepata 245 anajua kukopa. Alikwenda kwenye mia, akapunguza nne ikawa tatu, sifuri ya makumi ikawa kumi, na mamoja yakawa 13. Alichosahau ni kwamba ile kumi moja aliyoipeleka kwenye mamoja ilitoka kwenye yale makumi kumi, kwa hiyo yanabaki tisa. Kosa lake ni dogo sana na anahitaji msaada tofauti kabisa na yule wa kwanza.

Na yule wa 145? Yeye alikopa kwenye mamia mara mbili, mara moja kwa ajili ya mamoja na mara moja kwa ajili ya makumi. Alichukua mia nzima akaitumia kama kumi. Tulikaa kimya kidogo tulipolielewa daftari lile. Mtoto amefuata maelekezo yetu: "kopa kwa jirani, jirani asipokuwa nacho nenda kwa anayefuata."

Mwalimu wa darasa la pili ndiye aliyetufungua macho. Yeye hufundisha kwa mafungu ya vijiti, na husema "vunja kumi moja iwe mamoja kumi". Mwalimu wa darasa la tatu husema "kopa". Darasa la nne husema "chukua moja kutoka hapa". Mtoto yule yule anapita mikononi mwetu ndani ya miaka mitatu akisikia maneno matatu, na neno "kopa" linamficha jambo la maana zaidi, yaani anachokopa kina thamani gani. Hakuna semina ambayo ingetuonyesha hilo. Lilionekana kwa sababu walimu watatu walikuwa wameinamia daftari moja.

Jumatano iliyofuata tuliandaa somo moja kwa pamoja, andalio moja la dakika 40. Tulikubaliana neno liwe "vunja", kuanzia darasa la pili hadi la nne. Tulifunga vijiti kumi kumi kwa raba, kisha mafungu kumi tukayatia kwenye mfuko mmoja kuwa mia. Kwa 403 mtoto anakuwa na mifuko minne, hana fungu, na ana vijiti vitatu. Anatakiwa kutoa vijiti vinane. Hana budi afungue mfuko mmoja, ayaone mafungu kumi kwa macho yake, kisha afungue fungu moja. Sasa anahesabu: mifuko mitatu, mafungu tisa, vijiti 13. Ile tisa aliyokuwa anaisahau imelala mbele yake juu ya dawati. Ndipo anaandika.

Kutazama somo ndiko kunakoharibika haraka kuliko sehemu nyingine yoyote. Mara ya kwanza tuliingia sita nyuma ya darasa, mwalimu akatetemeka, na mmoja wetu akaingilia kati kumsahihisha mbele ya watoto. Aliyekuwa anafundisha hakuzungumza nasi vizuri wiki nzima, na haki ilikuwa yake. Siku hizi wanaingia wawili tu, na madarasa yao yanaachiwa zoezi lililokwisha kuandaliwa chini ya uangalizi wa mwalimu wa chumba cha jirani. Watazamaji hawakai nyuma. Kila mmoja anapewa watoto watatu kwa majina, anakaa karibu nao, na anaandika wanachofanya na wanachosema. Hamtazami mwalimu. Somo limeandaliwa na watu saba, kwa hiyo likiyumba, limeyumba la watu saba. Wajapani wamefanya kazi ya namna hii kwa zaidi ya miaka mia moja, na walimu wa Kenya waliopitia SMASSE, mafunzo ya walimu wa Hisabati na Sayansi, wataikumbuka.

Kwenye mazungumzo baada ya somo tuna utaratibu mmoja: aliyefundisha anazungumza kwanza, kisha watazamaji wanasoma walichoandika kuhusu watoto wao, na maoni yanakuja mwisho. Ukianza na maoni utasikia "somo lilikuwa zuri, hongera mwalimu", na hapo kikao kimekufa. Siku ile mtazamaji mmoja alisoma hivi: mtoto wa pili alivunja mfuko vizuri, akapata 235 kwa vijiti, kisha akaandika 245 kwenye daftari. Mikono ilielewa na kalamu bado. Tukajua kwamba tulimwondolea vijiti mapema mno, na kwamba kila tendo la kuvunja lilipaswa kuandikwa papo hapo kabla ya tendo linalofuata. Kesho yake somo lilirudiwa kwenye mkondo wa pili likiwa na badiliko hilo moja.

Kumbukumbu ya kikao tunaiandika kwenye kaunta buku, ukurasa mmoja, na lazima ijibu maswali mawili: tumeona nini kwa watoto, na nani atabadilisha nini kabla ya Jumatano ijayo. Kikao kinachofuata kinafunguliwa kwa kusoma jibu la pili, na mhusika anaeleza alivyofanya. Ukitaka kujua kama JzU yako iko hai, soma majibu hayo ya kikao kilichopita. Ukikuta "walimu wote wataboresha ufundishaji", hakuna atakayefanya chochote. Ukikuta "mwalimu wa darasa la nne atabadilisha neno 'chukua' kwenye masomo ya Alhamisi na Ijumaa, ataleta madaftari manne", hapo pana kazi. Faili rasmi la Afisa Elimu Kata tunalijaza kutokana na kaunta buku hiyo, na halijawahi kutupa shida.

Kuna mambo JzU haiwezi. Watoto saba wa darasa lile walikosa zaidi ya siku 15 katika muhula, na hakuna andalio la somo linalomfikia mtoto asiyekuwepo. Hilo tulilipeleka kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, tukaacha kulijadili Jumatano, kwa sababu lilikuwa linatula muda na sisi saba hatuna uwezo nalo. Tulijaribu pia kubeba Kiswahili na Hisabati kwa wakati mmoja mwezi Aprili. Tukashindwa kuleta madaftari ya kutosha kwa lolote, tukarudi kwenye lengo moja.

Wiki ya mwisho ya Mei tulirudia jaribio, maswali matano ya aina ile ile. Waliofikia manne walikuwa 58 kati ya 84. Lengo lilihitaji 68, kwa hiyo hatukulifikia, na ndivyo tulivyoandika. Tulitoa karatasi za wale 26 waliobaki, tukazitandaza mezani. Kwenye swali ambalo mwalimu alilitaja kwa mdomo, "mia nne na tatu", watoto 11 walikuwa wameandika 4003, na kutoa kwao kukavurugika tangu mstari wa kwanza. Mwalimu wa darasa la pili akazikusanya zile karatasi 11, akaomba azibebe. Jumatano ya kwanza baada ya likizo ni zamu yake kuleta madaftari.