Kutoka alama hadi ratiba ya zamu

"Tumepima maoni ya wafanyakazi hapa hotelini Malindi, alama ziko chini, na hakuna anayeuamini mpango wetu wa kurekebisha mambo. Tuanzie wapi?"

Ndugu yangu, aliyewashauri kwamba mbandike alama zote ukutani amepata nusu tu, kwa kuwa alama haisemi sababu, na kitengo cha watu watatu kikionyeshwa peke yake kila mtu atabaini nani alisema nini. Katika hoteli yetu, swali la mpangilio wa kazi lilipata alama ya chini kabisa, na wakubwa wakadhani ni mshahara. Tulipokaa na wahudumu wa vyumba nusu saa, bila msimamizi wao, ikadhihirika kwamba ratiba ya zamu ilitoka Jumapili usiku kwa wiki inayoanza Jumatatu. Tukaandika ubaoni, karibu na mlango wa jikoni ambako wote hupita, kwamba itatoka kila Alhamisi, nani anawajibika, na pia ombi tulilolikataa, yaani gari la usiku, pamoja na sababu yake. Wiki ya tatu msimamizi alibadilisha zamu kwa simu, minong'ono ikarudi, nasi tukaliandika kosa hilo palepale ubaoni. Msimu wa wageni wengi ukifika, sijui kama Alhamisi itasimama.