Dakika tatu mbele ya wakubwa: niseme nini kwanza?

SWALI: Kaka habari, niko kwa ushirika wa maziwa huku Nakuru upande wa Njoro. Nataka tununue tangi la pili la kupoza na jenereta, jumla milioni 3, ndio tuanze kuchukua maziwa ya jioni kwa ruti zetu nne. Lita 1,600 kwa siku kwa bei ya 50 ni milioni 2.4 kila mwezi. Wakubwa wamenipa dakika tatu Alhamisi. Nianzie wapi, nina slaidi 14?

JIBU: Dadangu, slaidi ziache kwa ofisi. Mi nilishawahi kusimama hapa Kisumu mbele ya wakubwa na slaidi 11, nikaanza na historia ya shida, nikafika ya nne mwenyekiti akaangalia saa akasema "kazi nzuri, endelea hivyo hivyo". Niliondoka nikiwa na furaha mpaka kwa ngazi nikajiuliza, sasa wameamua nini? Hakuna. Sikuwa nimewaomba kitu.

Kwa hivyo sentensi yako ya kwanza iwe ndio ile unaomba, na pesa zake. Mkubwa akijua unataka nini, kila kitu utasema baadaye atakisikiliza akipima kama kinatosha kusema ndio. Pia dakika tatu kwa hiyo meza si zako zote, kuna mtu lazima atakukatiza sekunde ya 40 aulize "ni ngapi?", na kama pesa umezificha mwisho hapo ndio utaanza kubabaika.

Sasa kuna kitu kitakuangusha kabla hata ya mpangilio, na ni hiyo milioni 2.4. Hiyo si faida, hiyo ni mauzo, na nyingi inarudi kwa mkulima. Mtu wa fedha akiisikia ataacha kukusikiliza, ataanza kukupigia hesabu kichwani, na akipata imekosea hata zile zako za ukweli hataziamini. Uliza ofisini, mkishamlipa mkulima na usafiri mnabaki na shilingi ngapi kwa lita? Tuseme ni 6 (weka yenu). Lita 1,600 mara 6 mara siku 30 ni 288,000. Toa stima, dizeli na mshahara wa mtu wa usiku, tuseme 70,000, mnabaki na 218,000, na milioni 3 inarudi kwa karibu miezi 14. Ni ndogo kuliko 2.4 lakini hakuna mtu ataivunja.

Halafu jiulize hiyo 1,600 ilitoka wapi. Kama ni wakulima waliulizwa wakasema, jua mkulima akiulizwa husema ng'ombe wake wote wanakamuliwa vizuri, na jioni broka anampa pesa mkononi wakati nyinyi mnalipa mwisho wa mwezi. Zikija nusu, yaani 800, faida ni 144,000, toa ile 70,000 kwa sababu mtu wa usiku hulipwa hata tangi likiwa nusu, inabaki 74,000 na milioni 3 inachukua zaidi ya miezi 40. Unaona maziwa yamepungua nusu lakini muda umekaribia kuwa mara tatu, hapo ndio wakubwa watakubana.

Mi ningekuwa wewe singeomba milioni 3 Alhamisi. Angalia tangi mlilo nalo, likiwa la lita 3,000 na asubuhi mnajaza 2,400, kuna nafasi ya 600, na lori likishachukua mchana tangi linakaa bure mpaka kesho. Ruti moja kati ya zenu nne ingeleta kama lita 400 jioni, inaingia. Omba hiyo. Lakini jaribio bila namba ya kuliamua ni njia ya kuzika wazo polepole, kwa hivyo weka namba mapema. Ukitaka milioni 3 irudi ndani ya miaka miwili unahitaji kama lita 1,100 kwa siku kwa ruti zote, kwa ruti moja hiyo ni wastani wa 275.

Sasa ongea hivi, kwa mdomo wako, si kwa kusoma:

"Naomba leo muidhinishe shilingi 120,000 tuchukue maziwa ya jioni kwa ruti moja, siku 60. Saa hii tunachukua asubuhi peke yake. Ya jioni yanaenda kwa broka, na mkulima akishamzoea broka kuna siku anampa hata ya asubuhi. Wakulima wa ruti zote nne wanasema jioni wako na lita 1,600. Zikija zote, tangi jipya na jenereta ni milioni 3 na zinarudi kwa miezi 14. Zikija nusu ni zaidi ya miezi 40, na hapo hata mimi singenunua. Ndio maana siombi tangi leo. Tangi letu liko na nafasi ya ruti moja. Ikileta wastani wa lita 275 kwa siku, nitarudi kuomba milioni 3. Isipofika tunafunga. Naomba uamuzi wa hiyo 120,000 leo."

Pima na saa ya simu, hiyo haifiki dakika mbili, na ndivyo inafaa iwe, ile nyingine ni ya maswali. Hiyo 120,000 nimekisia ni pikipiki, mafuta na mtu wa usiku, itafute yako sawasawa na ujue ni nani anaweza kuisaini. Kama meneja mkuu anaweza kuipitisha bila bodi, umeokoa miezi.

Swali moja litakuja na ukikosa jibu yote yanaanguka: "na haya ya jioni yakiharibu ya asubuhi?" Ni swali la haki, lita 400 mbaya zikikaa kwa tangi halafu mumwage 2,400 nzuri juu yake mmepoteza zote, kwa hivyo usiwaambie kwamba mkikosea mnapoteza 120,000 tu. Waambie kila mkebe wa jioni utapimwa kwa alkoholi na laktomita kama wa asubuhi, yatapozwa mpaka nyuzi 4 na joto liandikwe usiku, halafu asubuhi kabla ya kumwaga mapya tangi linapimwa tena. Likifeli mnamwaga hizo 400 peke yake na mnaosha tangi. Na stima ikipotea usiku? Kwa jaribio kodisha jenereta ama uwe na ruhusa ya kutumia ya ofisi, na gharama yake iwe ndani ya ile 120,000, wasiisikie kwa mara ya kwanza wiki ya tatu.

Utajua imeingia wakianza kubishana kuhusu namba, mmoja anasema 275 ni kidogo iwe 300, kubali haraka, ukishajua 300 bado inawezekana. Wakisema "leta andiko tuliangalie" usiondoke hivyo, uliza papo hapo ni nini kinakosekana na wanaamua kikao gani, na uandike tarehe mbele yao.