Barua ya Shule kwa Mtoto Mwenye Upungufu wa Kotisoli

Mama mmoja wa Kayole ameniandikia. Binti yake ametoka hospitalini juzi, ameambiwa tezi zake za adrenali hazifanyi kazi, na shule inafunguliwa Jumatatu. Anauliza aandike nini. Namjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake, na kwa sababu mwezi uliopita barua yangu ilimwokoa mwanangu.

Binti yangu yuko Gredi ya 4. Tezi hizo ndogo zinazokaa juu ya figo hazimtengenezei kotisoli, homoni inayoushikilia mwili wakati wa homa, kutapika au kuumia. Anameza vidonge vya haidrokotisoni mara tatu kwa siku, na akiwa mzima huwezi kumtofautisha na wenzake. Hapo ndipo penye hatari, maana mwalimu anamwona anaruka kamba asubuhi na haamini kwamba saa sita mchana anaweza kuzirai, presha na sukari vikaporomoka.

Shule yake ya kwanza niliipelekea ripoti nzima ya daktari. Waliifungia kwenye faili, na sindano yake ya dharura ya haidrokotisoni wakaifungia kwenye kabati la ofisi. Siku alipougua walimlaza kwenye benchi wakasubiri nifike, kwa kuwa "hatuwezi kumdunga mtoto wa mtu." Nilimkuta hata jina lake hawezi kulitamka. Bado naumia nikikumbuka, na nilimhamisha.

Barua ya shule ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza, kwa herufi nzito, ilisema: "Mkiona dalili hizi, mdungeni kwanza, kisha pigeni simu." Chini yake nikaorodhesha dalili kwa maneno ya kawaida: ametapika zaidi ya mara moja, amepauka na kutoka jasho baridi, analegea au anasinzia bila kawaida, anajibu mambo yasiyoeleweka, ana degedege, amevunjika mfupa. Halafu nikaandika ile hofu yao waziwazi: "Mkimdunga kumbe hakuhitaji, dozi hiyo moja haitamdhuru. Mkichelewa, anaweza kufa. Mimi mzazi nimeidhinisha, na daktari wake ametia sahihi hapa chini." Mama, sentensi hiyo usiiache. Walimu hawakosi huruma. Wanachoogopa ni lawama, na ni wewe tu unayeweza kuwaondolea.

Kuna mwalimu aliyeniuliza kama steroidi hazitamharibu mtoto. Nikaongeza mstari kwamba dawa hii inarudisha kile ambacho mwili wa mtoto mwingine hujitengenezea wenyewe, kwa hiyo kumnyima ndiko kumdhuru.

Kipimo cha sindano andika cha mtoto wako, kama daktari alivyokupa. Kwa kawaida mtoto wa miaka 6 kwenda juu hupewa miligramu 100, wa mwaka 1 hadi 5 hupewa 50, na mchanga wa chini ya mwaka hupewa 25. Wangu hupewa kichupa kizima: unga wa miligramu 100, mililita 2 za maji ya sindano, tikisa mpaka uyeyuke, vuta wote, dunga paja upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Niliviweka vyote kwenye mfuko mmoja mwekundu pamoja na nakala ya barua, unaning'inia darasani, mahali mwalimu anafika bila ufunguo. Nakala nyingine anayo mwalimu wa michezo, na nyingine msimamizi wa basi.

Mwezi uliopita alirudi kutoka mapumziko akilalamika tumbo, akatapika mlangoni. Mwalimu akampa vidonge vya ziada kama barua ilivyosema, akavitapika papo hapo. Kidonge kilichotapikwa hakijaingia mwilini, na hapo hakuna cha kujadili. Akaanza kusinzia. Mwalimu akafungua ule mfuko, akasoma hatua kwa sauti huku mwenzake akichanganya dawa, wakamdunga, wakaita ambulansi, ndipo wakanipigia. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye jamu Barabara ya Jogoo. Nilimkuta hospitalini ana dripu ya chumvi na glukosi, macho yamefunguka, ananiuliza kama begi lake limeletwa. Nawashukuru walimu wale mpaka leo, na najivunia karatasi ile.

Sindano haimalizi kazi; dozi hiyo huwanunulia muda tu, kwa hiyo barua iseme wazi kwamba ni lazima aende hospitali hata akichangamka. Iseme pia kwamba homa ikifika digrii 38 waniite, maana dozi ya vidonge huongezwa kulingana na mpango wa daktari.

Usiitume kwa mtoto ndani ya daftari. Omba nusu saa na walimu, uende na chungwa, bomba la sindano na kichupa kilichopitwa na tarehe, kila mmoja achanganye na kudunga mbele yako. Rudia kila muhula, na siku hiyo hiyo angalia tarehe ya kichupa kilichomo mfukoni.