Maswali na majibu: asidi za maabara ya shule

Chupa za vioo zimetuishia, naweza kuweka asidi ya haidrokloriki kwenye chupa za maji ya kunywa nikiandika kwa maka peni?

Hapana, na hili swali nalijibu kila muhula jamani. Shule moja niliyofundisha, chupa ya namna hiyo iliachwa dirishani, kijana katoka mchakamchaka na kiu yake akapiga funda moja, bahati aliitema lakini mdomo wote ulibabuka. Maandishi yalikuwepo, ila asidi ilishachuruzika ikayafuta. (Na aliyemeza asitapishwe, asukutue mdomo kwa maji, awahishwe hospitali.) Subiri chupa za kioo za maabara, osha zilizokwisha uzitumie tena. Kwenye lebo andika kwa penseli jina kamili, ukali wake, tarehe, aliyeitengeneza, na onyo kwamba inaunguza, kisha funika yote kwa selotepu pana. Ukimimina, lebo iwe upande wa kiganja ili matone yashuke upande wa pili.

Asidi naitriki na spiriti zinaweza kukaa kabati moja?

Hapana, zikikutana zinaweza kuwaka au kulipuka. Asidi zikae rafu ya chini kabisa ndani ya beseni la plastiki, spiriti kabati lingine.

Asidi salfuriki imemwagika sakafuni, si namwagia maji tu?

Ikiwa ni ile konsentreti ukiimwagia maji inachemka papo hapo na kukurukia usoni. Toa wanafunzi kwanza, fungua madirisha, vaa glavu na miwani, zungushia mchanga mkavu isisambae halafu nyunyiza soda bikaboneti kidogokidogo kuanzia pembeni kuja katikati. Itatoa povu, we endelea mpaka ukiongeza haitoi tena, hapo ndo unazoa na kupiga deki kwa maji mengi. Ndoo ya mchanga na kopo la soda vikae mlangoni, sio stoo iliyofungwa na funguo anazo mkuu wa shule.

Ila ikimpata mtu mwilini ni kinyume chake: maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, nguo zilizolowa zivuliwe, na soda usimpake.

Madam, fomu foo wangu wako vizuri, wanaweza kutengeneza asidi salfuriki ya 1M wenyewe nikiwa ofisini nasahihisha?

Hata ungekuwa umekaa mlangoni, hapana. Ile konsentreti ishike wewe au fundi wa maabara, kabla kipindi hakijaanza. Kwa lita moja weka kwanza maji kama mililita 700 kwenye bika, ndipo uteremshe asidi mililita 55 taratibu huku unakoroga, kila ukiona bika inachoma mkono simama ipoe, ikishapoa kabisa jazia maji hadi lita. Usigeuze ukaanza na asidi. Wanafunzi wapewe iliyokwisha pozwa, kila kundi kichupa chake chenye lebo, nawe uzunguke kati ya meza. Ukiitwa ofisini, prakitiko inasimama na wote wanatoka nje, unafunga mlango.