Nafasi ya boriti chini ya plaiwudi ya slabu

"Slabu ya sm 15, plaiwudi ya mm 18, naweza kuweka boriti kila sm 60 badala ya 40?"

Hapana, baki na 40. Zege bichi hapo ni kilo 375 kwa mita mraba. Ukijumlisha watu, vifaa na fomu yenyewe, hesabia 600. Plaiwudi haitavunjika, ila itabonyea mara 5 zaidi, karibu mm 2, na dari itatoka na mawimbi. Nyuzi za uso zikilala sambamba na boriti ni mbaya zaidi.

Aliyesema hapa kwamba kumwaga zege kwa kasi huongeza msukumo kwenye fomu yuko sahihi kwa nguzo na kuta. Slabu ni uzito tu, mradi zege lisirundikwe mahali pamoja. Mirunda ikiwa kila mita 1.2 pande zote, mmoja hubeba kama kilo 860. Udongo chini yake ukoje?